Jagi la Maji Juu ya Pampu

Alhamisi saa nne asubuhi Wamae aliitwa ofisini, na askari wa geti alikuwa wa kwanza kumwangalia kwa huruma, kwa hiyo akajua mambo si mazuri. Hoteli ya Haridas pale Nyeri si kubwa. Habari huzaliwa jikoni, hupitia kwa wafua shuka, hufika getini, na mwenyewe huwa wa mwisho kuisikia.

Madam Tejal, mke wa mwana wa mzee Haridas, ndiye aliyekuwa akiendesha hoteli tangu mzee aache kupanda ngazi. Alikuwa mtu wa kuongea akitembea. Siku hiyo alikuwa amekaa.

"Keti, Wamae."

Miaka kumi na minne alikuwa ametunza bwawa la kuogelea la hoteli hiyo, na hakuwa amewahi kuambiwa aketi. Akaketi kwenye ncha ya kiti.

"Niko na barua ya Ngatia hapa," Madam akasema. "Anasema paipu zote mbili za chini zimepasuka. Zinaingiza hewa. Anasema lazima veranda ivunjwe, paipu mpya ziwekwe. Jumamosi anaanza."

"Sawa, Madam."

"Anasema pia zilipasuka kwa sababu zilibandikwa vibaya. Gundi haikushika. Anasema wewe ndiye ulizibandika."

Wamae akatazama mikono yake. Ni kweli alizibandika yeye. Lakini aliyekuwa amepiga magoti upande wa pili wa mtaro, akimshikia mabomba huku akiimba ovyo, alikuwa Ngatia huyo huyo.

"Kampuni yake itaweka paipu na itachunga pool baada ya hapo," Madam akaendelea, sasa akiangalia dirishani. "Wewe utamaliza mwezi. Si vibaya, Wamae. Nitakuandikia barua nzuri."

Alitoka na kupita ukingoni mwa bwawa. Kwenye ukuta wa mbali, pale maji yanaporudi yakitoka kuchujwa, vinywa vitatu vilikuwa vikitema mapovu kama chungu cha uji. Wiki tatu sasa. Maji yalikuwa yameanza kutia ukungu, rangi ya chai iliyonyimwa majani, na Jumapili kanisa moja la Karatina lilikuwa limepanga kuja kubatiza watu wake, kama lifanyavyo kila baada ya miezi michache, kwa sababu mto wao ni baridi na una mawe. Kama veranda itavunjwa Jumamosi, hao wangeambiwa wakatafute maji kwingine.

Kilichomkata maini si kazi. Kazi ilimuuma, ndiyo, maana Tabby binti yake alikuwa bado shuleni na shamba lao kule Tetu ni la ng'ombe wawili tu. Lakini kilichomkata maini ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwita Ngatia.

Watu hao wawili walianza kujifunza ufundi siku moja, chini ya fundi mmoja mkali. Walilala chumba kimoja mtaa wa Majengo, wakavaa koti moja kwa zamu. Ngatia ndiye aliyepeleka maneno kwa kina Beth wakati Wamae alipotaka kuoa na ulimi wake ukawa mzito. Baadaye Wamae akapata kazi ya kudumu kwa Haridas, Ngatia akabaki na begi la vyombo, akizunguka kutoka Murang'a hadi Nanyuki kutafuta mabwawa ya watu, na juzijuzi akaandikisha kampuni, akachapisha kadi zenye picha ya pomboo. Pomboo, huku mlimani. Wamae alimcheka siku nzima, na Ngatia akacheka naye.

Kwa hiyo mapovu yalipoanza na Wamae akashindwa, angempigia nani simu?

Si kwamba hakujaribu. Bwawa ni kitu rahisi ukikielewa. Maji hutoka kwa njia mbili: kupitia skima, ule mdomo wa ukingoni unaokusanya majani na wadudu, na kupitia tundu la sakafuni. Kila njia ina bomba lake, na mabomba hayo mawili yamelala katika mtaro mmoja chini ya veranda, yanapanda hadi chumba cha mashine nyuma ya jiko, na kila moja linapotokeza pale lina valvu yake. Baada ya valvu yanaungana kuwa bomba moja, linaingia kwenye pampu. Pampu inasukuma maji ndani ya filta, mchanga wa filta unakamata uchafu, na maji safi yanarudi bwawani. Kabla ya pampu ni kuvuta, baada ya pampu ni kusukuma. Upande wa kusukuma ukitoboka, maji yatakurukia usoni na utajua. Upande wa kuvuta ukitoboka, huoni tone. Unakunywa hewa kimyakimya, na unachoona ni mapovu bwawani na sindano ya geji ya presha inayotetemeka kama mkono wa mlevi.

Wamae aliangalia kimo cha maji: kilikuwa katikati ya mdomo wa skima, panapotakiwa. Kikapu cha skima kilikuwa safi. Akafunga valvu ya skima, akaacha pampu ivute kwa tundu la chini peke yake. Mapovu. Akafungua ya skima, akafunga ya chini. Mapovu vilevile. Hapo akajua hewa inaingia baada ya mabomba kuungana, karibu na pampu. Akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha mabomba ili aone litakapofyonzwa. Halikufyonzwa popote.

Na kila asubuhi, kwa sababu chumba cha mashine kiko juu kidogo kuliko bwawa, maji yalikuwa yamerudi chini usiku na pampu imekauka. Wamae angefungua kile kifuniko cha kioo juu ya chungu cha pampu, mahali kikapu cha pili kinapokaa, akajaza maji kwa ndoo, akafunga, akawasha, akangoja ishike.

Ngatia alifika Jumanne na buti mpya. Akasikiliza yote hayo huku akitafuna muwa.

"Baba Tabby," akasema, "umefikiri vizuri lakini umesahau kitu moja. Hizo paipu ziko mtaro moja. Ile mti iko kando ya veranda imeshukisha mizizi. Ikikanyaga moja, si inakanyaga zote? Ndio ukifunga hii, ile nyingine inavuta hewa. Ukifunga ile, hii inavuta."

Wamae akakuna kichwa. Hayakuwa maneno ya mjinga.

"Lakini wacha nihakikishe," Ngatia akasema. "Kimbia town uniletee gundi ya paipu, ile ya mkebe. Mimi nibaki hapa nisikize hii mashine."

Wamae akakimbia. Aliporudi na mkebe, Ngatia alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akijifuta mikono kwa leso.

"Ni chini," akasema. "Pole, rafiki yangu. Nitaongea na Madam, nitakutetea."

Basi ndivyo alivyomtetea.

Wamae hakutaka kurudi chumba cha mashine baada ya kutoka ofisini. Aliingia jikoni, ambako Phyllis mpishi alikuwa akichambua sukuma huku akiwahutubia wasichana wawili wa kuosha vyombo. Phyllis alikuwa mtu wa kujaza nyumba kwa mdomo wake. Alimwona, akanyamaza, na Phyllis kunyamaza ni kama kengele.

"Nasikia ni mwezi," akasema mwishowe.

"Ni mwezi."

"Na huyo rafiki yako wa buti. Mimi nilijua hana maana tangu siku ile alikuja kuniomba jagi."

"Jagi gani?"

"Si Jumanne, wewe ukiwa umeenda kutafuta gundi yenu. Akakuja hapa, mama nisaidie na jagi ya maji. Nikampa ile ya juisi. Nikafuata nione anaenda kufanya nini na jagi yangu." Akatupa shina kando. "Akainama kwa ile mashine, akaanza kuimwagia maji kichwani polepole, kama vile pasta wa Karatina anafanyia wale wazee wanaogopa kuzamishwa. Nikacheka. Nikamuuliza, unaibatiza jina gani?"

Wasichana wakacheka. Wamae hakucheka.

"Alimwaga wapi hasa, Phyllis?"

"Kwa hiyo kifuniko ya kioo. Pale ukingo, kuzunguka. Na ajabu, unajua ile povu ilikuwa inachemka ndani ya kioo? Ikanyamaza. Maji ikakuwa safi kama ya kunywa. Akaacha kumwaga, ikaanza tena kuchemka. Akamwaga tena, ikanyamaza. Mimi nikamwambia, kumbe umemaliza kazi? Akaniambia, hapana mama, naipoza tu, imepata moto." Akamtazama. "Kwani nini? Mbona umekuwa hivyo?"

Wamae alikuwa akilitafuta lile jagi kwa macho.

Mtu asiye fundi angesikia hadithi ya jagi na kucheka. Fundi anajua. Pale hewa inapoingilia, ukimwaga maji juu yake, pampu inafyonza maji badala ya hewa, na mapovu yanakatika papo hapo. Ukiacha kumwaga, yanarudi. Fundi wao mkali aliwafundisha hilo wiki ya kwanza. Ngatia alimwaga maji kwenye kifuniko, akaona mapovu yakikatika, akamwaga tena apate uhakika. Halafu akaketi juu ya ndoo, akajifuta mikono, akangoja rafiki yake aje na gundi ya kazi ambayo haipo.

"Nipe hiyo jagi," Wamae akasema.

Phyllis alimfuata, na wasichana wakamfuata Phyllis. Chumbani pampu ilikuwa ikinguruma, na chini ya kioo maji yalikuwa yakirukaruka na hewa. Wamae akainamisha jagi ukingoni mwa kifuniko. Maji yakazunguka, yakaingia kwenye ufa usioonekana kwa jicho, na ndani ya kioo kukatulia. Alisikia hata sauti ya pampu ikibadilika, ikawa nzito, kama ng'ombe aliyeacha kukohoa. Akaacha kumwaga. Ikaanza tena kukohoa.

"Si nilikwambia," Phyllis akasema.

Akazima pampu, akafungua kifuniko. Kwenye mfereji wa kifuniko hicho hukaa oringi, pete ya mpira mweusi inayoziba kati ya kioo na chungu. Na chungu hicho, ingawa kimeshikana na pampu, kiko upande wa kuvuta: maji yanakipitia kabla ya pangaboi la pampu kuyasukuma. Oringi hiyo ilikuwa imevimba. Ilikuwa laini kama nyungunyungu, na mahali pamoja ilikuwa imejikunja nje ya mfereji wake, kwa sababu haikutosha tena.

Alikuwa ameiona kila asubuhi kwa wiki tatu. Kila asubuhi aliirudisha kwa kidole gumba, akaipaka mafuta kidogo ili ikae vizuri, akafunga. Nani hushuku kitu alichokitengeneza kwa mkono wake? Alitafuta kosa kwenye gundi ya mwaka ule walipolaza mabomba, kwenye mizizi ya mti, kwenye mabomba yasiyoonekana. Kila mahali isipokuwa chini ya kidole chake.

Na mafuta yenyewe. Mafuta ya silikoni ya kupaka oringi yalikuwa yameisha mwezi uliopita. Badala ya kumsumbua Madam, Wamae alichukua kutoka nyumbani kile kikopo cha mafuta ya kukamulia, yale ambayo mkewe Beth hupaka chuchu za ng'ombe zisipasuke kwa baridi. Yalikuwa yanateleza vizuri. Alijiona mjanja.

Ijumaa alipeleka ile pete kwenye duka la Alpesh mjini, linalouza pampu na vipuri vyake. Alpesh akainua ile pete kwa vidole viwili, akachukua mpya ya saizi hiyo hiyo, akaziweka juu ya kaunta moja ndani ya nyingine. Ile ya zamani ilimzidi mwenzake kwa upana wa kidole.

"Bwana Wamae, hii ulikuwa unalisha nini?"

"Mafuta ya kukamulia."

Alpesh akafumba macho. "Ya ng'ombe."

"Ya ng'ombe."

"Hii mpira ikipata mafuta imetoka kwa petroli, kama hiyo ya ng'ombe, inakunywa, inavimba. Wateja yangu yote ya Nyeri iko ng'ombe, yote napaka hiyo. Nimesema mpaka nimechoka." Akamwekea kando ya pete mpya tyubu ndogo ya silikoni. "Hii tu. Hakuna ingine."

Jioni hiyo nyumbani, Beth alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si la kawaida. Yeye na Waithira, mke wa Ngatia, walikuwa wameahidiana kwenda harusi Jumamosi ya wiki ijayo wakiwa wamevaa kitambaa kimoja. Kilikuwa kimekunjwa juu ya kabati.

"Unajua utafanya nini," akasema. "Utaweka hiyo mpya, mapovu yaishe, unyamaze. Uwaambie ni Mungu."

"Ngatia atasema hewa huja na kwenda. Atasema paipu bado ni mbovu, ngojeni wiki mbili. Madam ameshakubaliana naye."

"Basi mwonyeshe ile ya zamani."

"Nikimwonyesha ataniuliza iliharibiwa na nini."

Ng'ombe mmoja akalia bandani.

"Mimi ndio nilikupatia hiyo kopo," akasema.

"Ni mimi niliomba."

"Ukisema, anaweza kukufuta hapo hapo. Si hata kungoja mwezi."

"Najua."

"Na usiposema?"

"Nitakuwa mtu aliyebandika paipu vibaya. Mpaka nife. Na yeye atavunja veranda, atazitoa zikiwa nzima, na atazirusha kwa pickup kabla mtu yeyote hajaangalia."

Jumamosi saa mbili kasorobo alikuwa mlangoni mwa ofisi, amenyoa ndevu. Madam Tejal alitaka kusema hana wakati, lakini akaona uso wake akainuka. Wakaenda chumba cha mashine. Phyllis akajikuta ana shughuli za lazima karibu na mlango.

Wamae hakuanza kwa kumsema mtu. Alirudisha ile pete iliyovimba, akawasha pampu, akangoja ishike maji. Mapovu yakachemka. Akamwaga maji kwenye ukingo wa kifuniko, akamwambia Madam aangalie kioo. Yakatulia. Akaacha, yakachemka. Akampa jagi mwenyewe. Madam, mkufu wake ukining'inia juu ya mashine, akamwaga kwa uangalifu wa mtu anayemwagilia ua la gharama, akaona kwa macho yake.

"Kama ni paipu za chini," Wamae akasema, "haya maji hayangebadilisha kitu."

Akazima. Akatoa pete, akasafisha mfereji kwa kitambaa, akaweka mpya na tone la silikoni, akafunga kwa mkono. Akawasha. Hewa iliyobaki ikapita, akafungua kizibo cha hewa juu ya filta kikapumua mpaka kikatema maji, akakifunga. Sindano ya geji ikapanda ikasimama tuli. Chini ya kioo maji yakawa maangavu hata ungedhani hayapo.

Wakatoka nje. Vinywa vitatu vya ukuta wa mbali vilikuwa vikisukuma maji bila povu hata moja.

Madam akavitazama kimoja kimoja.

"Kwa nini ile rabba iliharibika?"

"Niliipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, Madam. Ya silikoni ilikuwa imeisha. Sikukuambia. Ni makosa yangu."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Mapovu ni mimi. Paipu si mimi. Paipu ni nzima."

"Na Ngatia hakujua hii?"

Phyllis akafungua mdomo. Wamae akamtangulia, akasimulia habari ya jagi kwa maneno machache, bila chumvi. Madam akasikiliza, uso wake hauonyeshi kitu.

"Phyllis anaongea mambo mengi," akasema hatimaye. "Labda alikuwa anapoza mashine kweli. Labda hakuelewa. Mtu anaweza kukosea. Wewe mwenyewe umekosea wiki tatu."

Wamae akaitia ile pete ya zamani mfukoni. Ilikuwa kweli.

Pickup ikaingia getini ikiwa na vijana wawili nyuma na mashine ya kuvunja simiti. Ngatia akashuka akivuta suruali juu, akiwa na cheko lake la kawaida, lile lililofungua milango mingi kutoka Nyeri hadi Nanyuki.

"Baba Tabby," akaita akiwa mbali, "leo tutakula vumbi kama wali. Madam, habari ya asubuhi. Umekuja kuaga veranda?"

"Njoo uone maji," Madam akasema.

Ngatia akaja ukingoni. Akatazama ukuta wa mbali. Cheko halikuondoka usoni, ila lilibaki pale kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Akaingia chumba cha mashine, wakamfuata. Akainama juu ya kioo, akaona maji tulivu, akaangalia geji, akamgeukia Wamae na kumpiga bega kwa utani, kama alivyompiga bega miaka ishirini.

"Kumbe umeacha kuipaka ile mafuta ya ng'ombe," akasema.

Pampu ilinguruma vizuri. Ile pete ya zamani ilikuwa mfukoni mwa Wamae, kikopo cha Beth kilikuwa Tetu kwenye rafu ya maziwa, na tangu afike Ngatia hakuna mtu aliyekuwa ametaja mafuta wala ng'ombe.

"Hiyo mafuta uliijua lini?" Madam akauliza kwa upole.

"Madam, hiyo ni utani ya mafundi tu."

"Uliigusa Jumanne. Ukanusa. Si ndiyo?"

"Fundi anagusa vitu mingi, Madam."

"Kwa barua yako hakuna mafuta. Kwa barua yako iko paipu mbili, iko mizizi, iko gundi ya Wamae." Akajifunga shali yake vizuri. "Ambia vijana wageuze gari." Akaanza kuondoka, akasimama. "Wamae, watu wa kanisa wanakuja kesho. Maji iwe safi. Na kila Jumatatu, hata mwezi ukiisha, niletee list ya vitu zimeisha, hata kama ni ya shilingi kumi. Hiyo uliofanya sijasahau."

"Ndiyo, Madam."

"Phyllis, chai."

Phyllis akaondoka kwa shingo upande, akitamani kuona mwisho.

Wakabaki wawili, na ile mashine waliyoifunga pamoja. Ngatia akageuza ndoo, akaketi, akaona amekaa palepale pa Jumanne, akainuka.

"Sikukuwa nakutupa," akasema. "Ningekuchukua. Kampuni ikisimama ungekuwa foreman yangu. Nilikuwa nakuja kukuambia."

"Ungeniambia ni ring, Ngatia. Neno moja."

"Halafu?"

"Halafu ningebadilisha."

"Halafu wewe ubaki na pool yako, na mshahara yako, na chai ya Phyllis. Na mimi nirudi kwa bodaboda na begi, nibembeleze watu Murang'a." Akazungumza taratibu, bila hasira, kama mtu anayehesabu mzigo wake. "Miaka kumi na nne nakuja kukutembelea hapa. Siku moja tu umewahi kumwambia Madam, huyu Ngatia pia ni fundi, tugawane kazi?"

Wamae akafikiri. Alitaka kusema ndiyo. Alipekua kichwa chake mwaka kwa mwaka, na hakupata siku hiyo.

"Hapana," akasema.

"Basi."

"Lakini mimi sikuwahi kuandika barua."

Ngatia akatazama buti zake. Nje vijana walikuwa wanauliza kama washushe mashine au wasishushe, na dereva akiwaambia wanyamaze.

"Waithira atampigia Beth," Ngatia akasema. "Ile ya harusi."

"Beth anajua."

"Anajua nini?"

"Yote. Nilimwambia jana."

Hilo ndilo lililomgonga, kuliko Madam na barua yake. Akafuta uso kwa ile leso. Halafu, kwa kuwa hata siku moja hawakuwahi kuachana bila kupeana mikono, akanyoosha mkono.

Mikono ya Wamae ilikuwa safi. Alikuwa ameiosha kwa sabuni kabla ya kushika pete mpya, maana mpira huo hautaki uchafu. Akakunja ngumi, akaigeuza chini, akampa kifundo cha mkono ashike, kama mtu apewavyo na fundi aliyejaa grisi asiyetaka kumchafua mgeni.

Ngatia akakishika kifundo hicho, akakitazama, akaelewa, akakiachilia.

Pickup ilipotoka Wamae akachukua ufagio wa bwawa wa mpini mrefu na kushuka ukingoni. Maji yalikuwa bado na ukungu, na ingechukua mchana wote na usiku wote kupita kwenye mchanga ili yawe ya kubatiza watu. Akaanza kona ya mbali, polepole, asitibue.